Juisi ya maembe ya Tabora na kodi isiyorudi

"Ndugu mchambuzi, natengeneza juisi ya maembe hapa Tabora. Tayari nabandika stempu na kulipa ushuru wa bidhaa. Sasa mauzo yamekua, na rafiki zangu wananiambia nijisajili VAT kwa sababu nitarudishiwa kodi yote ninayolipa kwenye chupa, sukari na umeme. Wengine wananiambia nisithubutu. Nimsikilize nani?"

Kila upande una kipande cha ukweli, na kinachowatenganisha ni watu wawili: unayenunua kwake na unayemuuzia.

Kwanza tuuweke kando ushuru wa bidhaa, maana watu huuchanganya na VAT. Ushuru huu haungoji ukue. Mwenye mtungi mmoja wa kuchemshia na mwenye kiwanda kikubwa wote wanadaiwa, kwa lita, mara kinywaji kinapotoka kiwandani kwenda sokoni. Ukishalipwa umelipwa, haukatwi kwenye VAT, na huwezi kuudai kama kodi ya manunuzi, yaani VAT uliyolipa unaponunua vitu vya biashara. Tena unaingia ndani ya bei yako, na VAT inatozwa juu ya bei hiyo yote. Ni gharama kama gharama ya lebo, na ndivyo uihesabu.

Lakini ukubwa wa gharama hiyo unategemea swali ambalo wengi hawaliulizi: unachotengeneza ni juisi ya matunda, au ni kinywaji chenye matunda? Kwenye mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, juisi ya matunda iko kichwa 20.09. Ukiiongezea maji kupita yale ya asili ya tunda, inahamia kichwa 22.02, pamoja na soda. Sasa embe halikamuliki kama chungwa. Linatoa rojo zito, na hakuna anayeuza rojo kwenye chupa. Lazima litiwe maji na sukari. Katika mwaka wa fedha 2018/19 juisi ya matunda iliyotengenezwa nchini ilitozwa Sh 9 kwa lita, na vinywaji baridi Sh 61. Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika Julai 1, kwa hiyo usivishike kama msahafu. Shika pengo lenyewe. Kwa lita 12,000 kwa mwezi, ni tofauti ya kulipa Sh 108,000 au Sh 732,000. Omba TRA wakuainishie bidhaa yako kwa maandishi, ukiwapa mchanganyiko wako halisi, kabla mkaguzi hajakuja kuuainisha mwenyewe na kudai miaka iliyopita.

Sasa VAT. Tangu Julai 1, 2023 usajili ni lazima kwa anayefikia mauzo ya Sh milioni 200 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa milioni 100. Tuchukue mtengenezaji aliye ukingoni, nikadirie kwa bei zinazoingia akilini. Anauza chupa 24,000 za nusu lita kwa mwezi, kila moja Sh 700 kwa bei ya jumla. Hiyo ni Sh 16,800,000 kwa mwezi, au milioni 201.6 kwa mwaka. Kashavuka, hata kama hajajijua.

Wanaomshauri ajisajili wanaona hivi. Kila mwezi ananunua sukari ya Sh 3,360,000, chupa na vifuniko vya Sh 3,120,000, lebo za Sh 600,000, plastiki za kufungia za Sh 500,000 na umeme wa Sh 450,000. Jumla Sh 8,030,000, na ndani yake mna VAT ya asilimia 18. Kuipata, zidisha kwa 18 ugawe kwa 118: ni kama Sh 1,225,000. Leo pesa hiyo inapotea kimya kimya kila mwezi, kwa sababu asiyesajiliwa hana pa kuidai.

Ni kweli. Ila tazama kisichokuwemo kwenye orodha. Maembe yenyewe, tani kama 9 kutoka kwa wakulima wa Uyui na Sikonge, hayana VAT, kwa sababu mazao ghafi ya kilimo yamesamehewa. Maji ya bomba yamesamehewa. Mishahara haina VAT. Fuso inayopeleka mzigo Nzega na Urambo ni ya mtu asiyesajiliwa. Kinachoifanya juisi hii iwe ya Tabora, yaani embe, jasho na barabara, hakina kodi ya kurudisha hata senti. Jirani yake wa Kigoma anayepika sabuni ya mawese hana habari za stempu, lakini kwenye VAT yuko mtumbwi mmoja naye: mawese anayonunua kwa akina mama wa vijijini hayaji na risiti ya VAT. Ukishatumia malighafi ya mkulima, unatozwa kodi kwenye thamani yote uliyomlipa, na huna cha kukata.

Hapo ndipo wanaosema "usithubutu" wanapopata nguvu. Akisajiliwa, na soko likagoma kuongeza bei, Sh 700 ileile inahesabiwa kuwa na VAT ndani yake. Kodi ya mauzo inakuwa kama Sh 2,563,000. Anakata ile 1,225,000 ya manunuzi, anabaki kulipa kama Sh 1,338,000 kila mwezi ambayo jana ilikuwa yake. Neno "kurudishiwa" limewaponza wengi. Kwa mtu wa aina hii hakuna hundi inayotoka TRA. Kuna punguzo kwenye deni jipya. Marejesho halisi ni ya yule ambaye kodi ya manunuzi inaizidi ya mauzo, kama anayeuza bidhaa nje ya nchi kwa VAT ya kiwango cha sifuri.

Basi apandishe bei kwa kiasi gani asiumie? Si asilimia 18, kosa ambalo wengi hulifanya siku ya kwanza na kukimbiza wateja. Akitaka kubaki na pesa ileile, bei yake bila kodi ni Sh 649, maana sehemu ya gharama imepungua. Ukiongeza VAT inafika Sh 766. Ongezeko ni Sh 66 kwa chupa. Mwenye genge atanung'unika, lakini si sawa na kumwambia 826.

Hesabu hiyo ina sharti, nalo ni risiti. Sukari ndiyo kipande kikubwa kuliko vyote. Ukiinunua mifuko miwili leo kwa huyu, mitatu kesho kwa yule, kwa daftari la mkopo na bila risiti ya EFD, umejinyima kama Sh 512,000 kwa mwezi. Bei ya kutoumia inapanda kutoka 766 hadi 791. Na risiti isiwe ya jumla jumla: iwe imetolewa na muuzaji aliyesajiliwa VAT, kiasi cha kodi kikiwa kimeonyeshwa peke yake, na iwe na jina lako, TIN yako na VRN yako, yaani namba ya usajili wa VAT. Una miezi sita ya kuidai, ikipita, imekufa. Ritani ni ya kila mwezi, hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kuna duka la jumla linalouza sukari bei chini kidogo "bila risiti", na mtengenezaji ambaye hajasajiliwa anafanya akili kununua huko, angalau kwa hesabu ya mfuko wake. Siku anayosajiliwa, duka lilelile linakuwa ghali. Ukienda kutafuta msambazaji mwingine baada ya usajili, miezi miwili ya kwanza itakuwa imekuumiza tayari.

Nimesikia pia ushauri wa tatu: kugawa biashara mbili, moja kwa jina la mke, zote zikae chini ya milioni 200. Kwa muuza nguo pengine ingechukua muda kugundulika. Kwa mwenye juisi, sioni inavyopita. Kila chupa ina stempu ya kodi ya kielektroniki yenye namba yake, na mfumo unajua umechukua stempu ngapi na umezitumia ngapi. Ofisa hahitaji kuona daftari lako. Anazidisha chupa 24,000 kwa bei iliyoko sokoni. Mtambo mmoja, embe lilelile, kiwanja kimoja, majina mawili: atazijumlisha, na utadaiwa VAT ya miezi ambayo hukumtoza mteja, pamoja na riba. Hiyo unailipa mfukoni, maana mwenye genge wa mwaka jana hatakurudishia kitu.

Kwa hiyo aliyevuka hana hiari, na mjadala wa kujisajili au kutojisajili kwake umekwisha. Kwa aliye kwenye milioni 120 au 150 sioni sababu ya kuukimbilia usajili kwa ajili ya VAT ya chupa peke yake, kama wateja wake wote ni magenge na vioski. Hao hawawezi kuidai kodi. Kwao Sh 766 ni Sh 766, na mshindani ambaye hajasajiliwa bado yuko 700.

Hali inabadilika ukiwa na wanunuzi waliosajiliwa: hoteli, supamaketi, kampuni inayonunua vinywaji vya wafanyakazi. Hoteli ikinunua kwako leo kwa 700, hakuna cha kudai. 700 yote ni gharama yake. Ukisajiliwa na kumuuzia 766, anakata Sh 117 na gharama yake inakuwa 649. Umepandisha bei, naye amepata nafuu. Hata ukimtoza 700 na VAT juu yake, yaani 826, hajapoteza chochote kulinganisha na leo.

Hapo kuna hesabu ambayo ningemwomba muulizaji aifanye kwa daftari lake mwenyewe. Chukua nusu ya chupa zako zote, yaani 12,000, zinunuliwe na waliosajiliwa kwa 700 na VAT juu. Nusu nyingine ziende mtaani kwa 700 ileile, VAT ikiwa ndani. Kila moja ya hizo za mtaani inakuachia Sh 593. Mauzo bila kodi yanafika kama Sh 15,519,000, wakati ulihitaji 15,575,000 ili usiumie. Pungufu ni kama Sh 56,000 kwa mwezi mzima, na bei ya gengeni haijaguswa. Wateja waliosajiliwa wakiwa robo tu, pungufu linakaribia Sh 700,000, na hapo lazima bei ya mtaani isogee. Anza na orodha ya wateja wako, uwaulize mmoja mmoja kama wana VRN.