Saa 7:00 ya nani?

Jirani yangu hapa Kiboriloni ni bibi anayelea wajukuu. Kiswahili anakisoma vizuri, magazeti anayamaliza mpaka matangazo ya vifo. Juzi jioni alipita kwangu na simu mkononi: "Mwanangu, hebu niangalizie hii. Kama hawa watoto wanaondoka saa saba mchana, huko hifadhini si watafika wageukie getini? Na kurudi ni usiku?"

Ujumbe ulikuwa umetoka shule moja binafsi hapa Moshi. Nauweka kama nilivyoukuta:

> Dear parents, mnakuwa informed kuwa trip ya Std 4 kwenda Arusha National Park itakuwa on Friday 14th. Kindly m-confirm attendance na ku-pay transport fee 15,000/= before Wednesday. Bus ita-depart saa 7:00 am. Failure to do so mtoto hatakuwa allowed ku-board. Thanks.

Bibi alikosea nini? Hakuna. Ameona "saa 7", akasoma saa saba kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa na Kiswahili angesoma. Hiyo "am" ilimpita kwa sababu haikuandikwa kwa ajili yake. Mwalimu alimaanisha saa moja asubuhi. Mjukuu angefika shuleni na chakula chake kwenye mfuko, basi liko Momela huko hifadhini tangu zamani.

Sasa, watu wakiambiwa warekebishe ujumbe kama huu, wanafungua kamusi. Hapo ndipo hasira zangu zinapoanza, maana wanatoa kitu hiki:

> Mnataarifiwa kuwa safari ya darasa la nne itakuwa Ijumaa. Mnaombwa kuthibitisha mahudhurio na kulipa ada ya usafiri kabla ya Jumatano. Basi itaondoka saa 7:00 asubuhi. Kushindwa kufanya hivyo kutapelekea mtoto kutoruhusiwa kupanda.

Maneno yote ya Kiswahili, hongera. Lakini ni Kiingereza kilichovaa kanzu. "Kushindwa kufanya hivyo" maana yake nini? Kwetu anayeshindwa ni aliyejaribu akazidiwa. Kwa hiyo mzazi aliyesahau tu yuko salama, ila aliyehangaika akakosa elfu kumi na tano ndiye anayeadhibiwa? Na hiyo "kutapelekea" naomba iachwe kwenye taarifa za semina ilikozaliwa. Saa nayo bado ni ile ile ya Kizungu, safari hii imebandikwa "asubuhi", na saa saba ya asubuhi sijui inapatikana nchi gani.

Angalieni pia hiyo "basi itaondoka". Hii ndiyo dalili ya haraka ya kumkamata fundi aliyebadilisha neno akasahau sentensi. Tunapochanganya lugha, karibu kila jina la Kiingereza tunalitupa kwenye ngeli ya "i" na "zi": "meeting itafanyika", "deadline yake". Ukilitoa neno la Kiingereza ukaweka la Kiswahili, kiambishi cha zamani kinabaki nyuma. Ndiyo unaona "mkutano itafanyika" na "mwisho yake". Ukibadilisha jina, fuata mpaka kitenzi na kila kinachoning'inia kwake: mkutano utafanyika, mwisho wake, basi litaondoka.

Mimi huanza kwa kuweka ujumbe pembeni na kuuliza swali moja: huyu anayesoma anatakiwa afanye nini, na lini? Halafu naandika vitenzi kwanza. Kwa bibi vilikuwa vitatu: alipe, aseme kama mtoto atakwenda, amfikishe shuleni. Basi. "Mnakuwa informed" haina kazi yoyote. Mtu akishashika simu anasoma, ameshajulishwa. "M-confirm attendance" ni "mtujulishe kama mtoto atakwenda". Na "hatakuwa allowed ku-board", maneno yote hayo, Kiswahili kinayamaliza kwa neno moja: hatapanda. Wanaosema Kiingereza kinafupisha wanihesabie hapo.

Ila kuna sehemu ambazo hata kama unajua lugha kuliko Baraza zima la Kiswahili la Taifa huwezi kuzirekebisha peke yako, kwa sababu mwandishi mwenyewe hakuwa ameamua. "Before Wednesday" inajumuisha Jumatano au inaishia Jumanne? "Failure to do so" imekaa baada ya sentensi ya basi, kwa hiyo anayezuiwa ni asiyelipa, asiyejibu, au aliyechelewa? Mchanganyiko unaficha mambo haya vizuri sana, maana ukisoma unahisi kama kuna maana mahali fulani. Nilimpigia mwalimu. Akacheka kidogo, akasema Jumatano yenyewe wanapokea mpaka jioni, na wanaozuiwa ni wasiolipiwa. Aliyechelewa? "Huyo basi litamwacha tu." Vizuri, sasa tunaweza kuandika:

> Wazazi na walezi wa darasa la nne, habari zenu. Ijumaa tarehe 14 watoto watakwenda kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Nauli ni shilingi 15,000 kwa kila mtoto. Tafadhali mlipe na mtujulishe kama mtoto wako atakwenda; mwisho ni Jumatano tarehe 12 jioni. Ambaye hatalipiwa hatapanda. Basi litaondoka shuleni saa moja kamili asubuhi na halitasubiri. Asanteni.

"Na walezi" nimeiongeza makusudi. Huyu bibi si mzazi wa mtoto, na ndiye anayelipa. Saa nimeiandika kwa maneno, halafu nikataja asubuhi. Hesabu yenyewe kila mtu anaijua, unaongeza sita au unatoa sita, lakini ukiacha tarakimu peke yake msomaji hajui kama tayari umeshahesabu. Mahali ninapoiacha tarakimu ya kimataifa ni pale ambapo mtu ataikuta kwenye karatasi. Ukimwandikia mgeni kuhusu ndege ya KIA, sema saa nane na dakika arobaini mchana, kwenye tiketi imeandikwa 14:40. Hapo kuficha namba ya tiketi ni kumpoteza.

Maneno ya kukopa kama nauli, fomu, risiti na benki siyagusi na sitayagusa. Hayo ni maneno yetu, atakayeniletea istilahi ya risiti nitampa risiti.

Haya, nikubali kidogo, ingawa sipendi. Mkiwa wenyewe kwa wenyewe kwenye kundi la marafiki wa Sakina au Njiro, changanyeni mpaka asubuhi. Mtu akisema "nime-enjoy" hakuna atakayeachwa na basi. Ukimsahihisha huko wewe ndiye msumbufu. Nazungumzia ujumbe wenye tarehe, pesa na saa ndani yake, unaokwenda kwa watu usiowajua wote.

Nilipomtumia mwalimu ule uliorekebishwa aliupenda, kisha akaniambia kinachomtia hofu: kuna wazazi watauliza kwa nini shule ya Kiingereza inawaandikia Kiswahili, wakati ada wanalipa ya Kiingereza. Najua wapo, na wengine nasali nao. Jibu ni jepesi kuliko wanavyodhani. Atume jumbe mbili zilizokamilika, kila moja na lugha yake na saa yake, 7:00 am ikae huko kwenye Kiingereza na saa moja asubuhi ikae kwenye Kiswahili. Tena ile ya Kiswahili itangulie, kwa sababu wenye Kiingereza wote wataielewa, na bibi hawezi kusema hivyo kuhusu ile nyingine.