Gemu za sarafu: ugumu ulikuwa wizi au la?

"Zile mashine za zamani za kutumbukiza sarafu zilikuwa ngumu vile makusudi, ili watu waliwe hela?"

Makusudi ndiyo, ila wizi sijui. Chukua Marekani mwaka 1980 hivi, mashine iko kwenye kona ya baa, mwenye mashine kainunua kwa zaidi ya dola 2,000 na mapato mara nyingi anagawana nusu kwa nusu na mwenye baa. Mchezo ni senti 25. Mtu akifa kila baada ya dakika 3 na foleni ipo, kwa saa ni watu 20, yaani dola 5, lakini akija fundi mmoja akang'ang'ania saa nzima kwa sarafu moja, hesabu imekufa, senti 25 basi. Kwa hiyo pale kilichokuwa kinauzwa ni dakika, kama kibanda cha plestesheni mtaani, tofauti ni kwamba kule saa haikuwepo na kazi ya kukutoa kwenye kiti ilifanywa na gemu lenyewe.

Kilichotokea kwa Asteroids ya Atari, 1979, gemu la kuendesha chombo cha angani na kupasua mawe kwa risasi, ndo kinanifurahisha. Wachezaji waligundua ukibakiza jiwe moja dogo huku unazurura pembeni ya skrini unawinda visahani vya maadui vinavyopita, kale kasahani kadogo kanakupa pointi 1,000, na kila pointi 10,000 unapata chombo cha ziada, yaani kumi tu unaongezewa uhai. Tena kisahani kilikuwa hakijui kupiga risasi ipite ukingo itokee upande wa pili, wakati wewe unaweza. Watu wakakaa masaa. Toleo lililofuata, Asteroids Deluxe, visahani vikafundishwa kulenga kupitia ukingo, hapo ujanja ukaisha.

Sasa wanaosema ni unyonyaji wana hoja, maana ndani ya mashine nyingi kulikuwa na viswichi vidogo kwenye bodi, mwenye mashine anapunguza uhai au anapandisha pointi za kupata uhai wa ziada, na wewe mchezaji hujui kama leo umechezeshwa kwa masharti mengine. Gauntlet ya 1985 ndo ilizidi, afya inapungua hata ukisimama tu, na chakula unachookota humo kisipotosha, dawa yake ni sarafu nyingine. Hiyo mimi siitetei.

Ila ugumu nao una kikomo: mtu akifa ndani ya sekunde 20 bila kuelewa kauawa na nini, harudi, na mashine isiyorudiwa ni kabati tu. Lazima ufe huku unajiambia "ningekata kushoto ningepona", mkono ushaingia mfukoni. Asteroids ilikuwa hivyo, jiwe unaliona linakuja, uzembe ni wako. Gauntlet hata usipokosea afya inaisha taratibu, na kwangu tofauti iko hapo hapo.