Barua ya kuuliza sababu baada ya kukosa zabuni: iandikwe lini, na iulize nini

"Shikamoo kaka. Nina karakana ya samani hapa Makorora, Tanga. Nimekosa zabuni ya madawati, na notisi iliyokuja kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, imeandika mstari mmoja tu: haikukidhi matakwa ya kiufundi. Sina nia ya kulalamika, nataka kujua nilipokosea. Wenzangu wananionya kwamba nikiandika barua nitaonekana mkorofi na sitapata kazi tena. Niandike au ninyamaze?"

Marahaba, ndugu yangu. Andika, na uandike wiki hii. Lakini onyo la wenzako lina ukweli ndani yake, kwa hiyo nitaanza nalo.

Nilikaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza, kwenye kamati za tathmini, na najua barua hizi zinavyopokelewa. Barua ya mzabuni aliyekosa haianzi kwa afisa ununuzi unayemfahamu. Inaingia kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni, naye anaiteremsha kwa mwanasheria na kitengo cha usimamizi wa ununuzi. Mwanasheria akiisoma hajiulizi utajifunza nini, anajiuliza jibu lake litasomekaje likipelekwa PPAA, mamlaka inayosikiliza rufaa za zabuni. Ndiyo maana majibu mengi huja mafupi na makavu. Na ukiweka chini ya barua nakala kwa TAKUKURU na Mkuu wa Mkoa, hata ukiwa umeandika kwa upole kiasi gani, hayo ni malalamiko na yatajibiwa kama malalamiko. Kwenye mji ambao afisa na fundi wanakutana kijiwe kimoja cha kahawa Ngamiani, jina la ukorofi linaweza kumfuata mtu. Sitakuambia kwamba hofu hiyo haina msingi.

Hata hivyo, kinachomfanya mtu aonekane mkorofi mara nyingi ni swali lenyewe. Nitakueleza kisa cha mteja wangu mmoja, fundi wa samani kama wewe, ambaye alinijia na barua aliyokwisha kuiandika.

Zabuni yake ilikuwa ya madawati 240. Yeye aliweka shilingi 90,000 kwa dawati, jumla 21,600,000. Aliyependekezwa kupewa tuzo aliweka 98,000, jumla 23,520,000. Barua yake ilikuwa na swali moja: kwa nini kazi imeenda kwa mtu mwenye bei kubwa kuliko yangu? Swali hilo ni la haki kabisa kuulizwa, lakini ni la mlalamikaji. Linamtaka afisa atetee zabuni ya mtu mwingine, na undani wa zabuni ya mwingine haruhusiwi kuutoa. Atakachoweza kujibu ni kwamba mshindi alikidhi vigezo. Utakuwa umejenga uadui na hujajifunza kitu.

Hapa ndipo inabidi kuelewa tathmini inavyokwenda. Kamati huanza na ukaguzi wa awali: nyaraka zipo, zimesainiwa na mwenye mamlaka, leseni ni hai. Zabuni iliyopita inaingia kwenye tathmini ya kiufundi, na iliyopita huko ndiyo bei yake inachambuliwa na kulinganishwa. Zabuni iliyoanguka hatua ya kwanza haiendelei ya pili. Kwa hiyo mtu aliyeangushwa kwenye hatua ya kiufundi bei yake haikulinganishwa na ya mtu yeyote. Kuna zaidi: sababu unayopewa ni ya pale ulipoangukia tu. Makosa yaliyokuwa mbele yako, kama yapo, hakuna aliyeyatazama, na hata afisa mwenye moyo mweupe kuliko wote hawezi kukuambia kitu ambacho kamati haikukifikia.

Mafundi wengi hujifunza kisichokuwepo kwa sababu ya kutojua hilo. Mtu anaanguka kwa karatasi, anadhani ameanguka kwa bei, mwaka unaofuata anashusha bei na kuanguka tena kwa karatasi ileile.

Tuliichana ile barua. Mpya ilikuwa na mistari michache, na unaweza kuichukua kama ilivyo, ukibadilisha namba ya zabuni na tarehe:

"Tumepokea notisi ya kusudio la kutoa tuzo na tunashukuru kwa nafasi ya kushiriki. Ili tuboreshe zabuni zetu zijazo, tunaomba kufahamishwa kuhusu zabuni yetu pekee: iliishia hatua gani ya tathmini, ni kigezo kipi cha nyaraka za zabuni ambacho haikukidhi, kwa namba yake, na ni nini katika tulichowasilisha kilichopungua kwa kigezo hicho."

Maneno "zabuni yetu pekee" yana kazi kubwa. Yanamwondolea mwanasheria hofu ya siri za wengine. Namba ya kigezo nayo inakusaidia wewe, kwa sababu kamati hairuhusiwi kutumia kigezo ambacho hakikuwa kwenye nyaraka za zabuni. Jibu lenye namba unaweza kulifungua na kulithibitisha mwenyewe. Jibu linalorudia "haikukidhi matakwa" bila kutaja takwa lenyewe bado si sababu, na una haki ya kuuliza mara ya pili.

Mteja wangu alijibiwa mambo mawili. La kwanza, masharti yalitaka miguu ya bomba la mraba la milimita 25 kwa 25 lenye unene wa milimita 1.5. Yeye aliandika 25 kwa 25 akaacha unene. La pili, uzoefu ulitakiwa kuthibitishwa kwa kazi mbili zilizokamilika. Yeye alipakia hati mbili za agizo la ununuzi, ambazo zinaonyesha kwamba aliagizwa, hazionyeshi kwamba alikabidhi na mzigo ukapokelewa.

Hilo la pili ni la kawaida sana na dawa yake ni rahisi: ukimaliza kazi usiondoke bila hati ya makabidhiano iliyosainiwa na kugongwa muhuri, hata kama ni kazi ya viti kumi vya zahanati. Kuirudia baadaye ni taabu, maana aliyepokea mzigo anaweza kuwa amehamishwa kituo.

Lile la kwanza lilitufundisha zaidi. Nilimuuliza alipiga hesabu kwa bomba la unene gani. Akafungua daftari: milimita 1.2, kwa kuwa ndilo alilozoea kununua dukani. Tukapiga upya kwa 1.5, na dawati likafika shilingi 96,000, jumla 23,040,000. Yaani bei ile aliyojivunia kuwa ndogo ilikuwa ndogo kwa sehemu kwa sababu haikuwa bei ya dawati lililoombwa. Na angeandika 1.5 tangu mwanzo, bado angekuwa chini ya mwenzake kwa shilingi 480,000. Nilimwona amekaa kimya muda mrefu juu ya ile hesabu, na nilielewa. Kwa kunyamaza asingeijua kamwe.

Sasa kuna hoja ya upande mwingine ambayo naiheshimu. Wapo wazoefu wanaosema usiulize sasa, subiri mkataba wa mshindi usainiwe ndipo uende. Wakati huo hakuna tena cha kukatiwa rufaa, maafisa wanalegea, wanazungumza kama watu. Ni kweli. Mazungumzo mazuri zaidi niliyowahi kuyatoa kama mjumbe wa kamati niliyatoa baada ya mkataba, fundi akiwa amekaa mbele yangu na nakala ya zabuni yake.

Lakini kusubiri kuna gharama. Notisi uliyopata imefungua dirisha la siku chache za kazi la kuwasilisha malalamiko kwa afisa masuuli. Sheria ya zamani, baada ya marekebisho ya 2016, ilitoa siku 7 za kazi, na ununuzi wa sasa unaongozwa na sheria mpya ya mwaka 2023, kwa hiyo fuata siku zilizoandikwa kwenye notisi yako, usifuate za kuambiwa. Barua ya kuomba maelezo haisimamishi saa hiyo. Utasema hutaki kulalamika, nami nakuamini. Lakini umeamua hivyo kabla ya kujua sababu. Je, ukijibiwa kwamba uliangushwa kwa kukosa cheti ambacho nyaraka za zabuni hazikukitaja popote? Hapo hakuna somo la kujifunza, kuna kosa la kamati, na ukiligundua dirisha limeshafungwa utabaki na uchungu tu.

Zabuni za miradi ya Benki ya Dunia zimelitatua hili vizuri zaidi. Kwa zabuni zinazofuata utaratibu wao wa kipindi cha kusubiri, aliyekosa anayeomba maelezo ndani ya siku 3 za kazi tangu apate notisi anapaswa kuelezwa ndani ya siku 5 za kazi, na maelezo yakichelewa, kipindi cha kusubiri kabla ya mkataba kinarefushwa. Kuuliza hakumpotezei mtu haki ya kulalamika. Ningependa tufike huko kwa zabuni zetu zote, kwa sababu leo mzabuni mwaminifu anasukumwa kuchagua kati ya kujifunza na kujilinda.

Kwa hali yako ningefanya yote mawili kwa mpangilio huu. Barua fupi ipeleke leo au kesho, kwa njia ambayo notisi imeielekeza, ili jibu likufikie dirisha likiwa wazi. Ukijibiwa kwa kigezo kilichomo kwenye nyaraka, na ukijiangalia ukaona kweli umepungukiwa, nyamaza hadi mkataba usainiwe, kisha omba miadi na kitengo cha ununuzi. Nenda na zabuni yako iliyochapwa. Usiulize habari za mshindi. Waulize kuhusu kurasa ambazo kamati haikuzifikia: kwa uzoefu wao, nyaraka kama hizi huwa zinapita? Hawawezi kukupa uamuzi, na wengine watakataa kusema chochote, lakini mtu aliyesoma zabuni mia huona kasoro kwa kupitisha macho tu.

Mteja wangu alifanya hivyo. Zabuni ya madawati iliyofuata aliandika unene, akaambatanisha hati za makabidhiano, akavuka hatua ya kiufundi kwa mara ya kwanza. Akakosa tena. Safari hii notisi ilitaja bei, na alipoileta kwangu tuliweza, hatimaye, kukaa na kuzungumza kuhusu bei.