Pima Chumba Kwanza, Ndipo Upange PID ya Hita

Wengi wanaotengeneza kidhibiti cha PID kwa ajili ya hita ya chumba huanza kwa kubadilisha zile namba tatu, yaani Kp inayozidisha kosa la sasa kati ya lengo na joto, Ki inayozidisha mkusanyiko wa kosa hilo kadiri muda unavyopita, na Kd inayozidisha kasi ya badiliko lake, huku wakitazama joto likipanda na kushuka. Kwa chumba, naona njia hiyo haifai, kwa sababu kila badiliko huhitaji saa nzima au zaidi ili matokeo yake yaonekane, na kabla hayajaonekana mlango umeshafunguliwa au jua limeshapiga bati. Maoni yangu ni kwamba chumba kipimwe kwanza bila kidhibiti, namba zikokotolewe kutokana na kipimo hicho, na Kd iachwe kuwa sifuri.

Tuchukulie chumba kidogo cha kulea vifaranga chenye hita ya wati 1000, ambamo tunataka joto la nyuzi 32 katika wiki ya kwanza. Kihisi kifungwe kwenye usawa wa migongo ya vifaranga, kwa kuwa hewa iliyo karibu na dari huwa na joto zaidi na itakidanganya kidhibiti. Kabla vifaranga hawajaletwa, acha chumba kitulie, tuseme kwenye nyuzi 18, kisha iwashe hita kwa asilimia 50 ya nguvu yake bila kuigusa tena, na uandike joto kila dakika mpaka likome kupanda. Tuseme limekomea nyuzi 28. Nyuzi 10 kwa asilimia 50 maana yake ni kwamba kila asilimia moja ya nguvu huongeza nyuzi 0.2. Tuseme pia kwamba dakika 3 za kwanza hazikuonyesha badiliko lolote, na kwamba asilimia 63 ya kupanda kote, yaani nyuzi 24.3, ilifikiwa dakika 40 baada ya hapo. Ucheleweshaji ni dakika 3, na muda wa chumba ni dakika 40.

Sasa amua unataka chumba kiitikie kwa upesi gani. Mimi huchagua mara tatu ya ucheleweshaji, yaani dakika 9, kwa sababu chumba hubadilika kadiri watu wanavyoingia na mapazia yanavyoshushwa, na namba kali mno huanza kuyumbisha joto. Kp ni 40 kugawanywa kwa 0.2 × (9 + 3), ambayo ni takriban 17. Muda wa mkusanyiko uwe sawa na muda wa chumba, sekunde 2400, hivyo Ki ni 17/2400, takriban 0.007.

Kuhusu Kd, hesabu ndogo inatosha. Kihisi cha DS18B20 husoma kwa hatua za nyuzi 0.0625. Ukiweka muda wa badiliko kuwa dakika moja tu, Kd inakuwa 17 × 60, yaani 1020, na ukisoma kila sekunde, hatua moja ya kihisi inaitikisa hita kwa takriban asilimia 64 ilhali chumbani hakuna lililotokea. Kuchuja usomaji kunawezekana, lakini chumba chenye ucheleweshaji mfupi kama huu hakina faida kubwa ya kutusumbua hivyo.

Kinachoharibu kazi mara nyingi zaidi ni mkusanyiko wenyewe. Chumba kikianza na nyuzi 18, hita hufanya kazi kwa asilimia 100 kwa takriban dakika 50 kabla ya kufika 32, na muda wote huo mkusanyiko unaendelea kujilimbikiza hadi kupita asilimia 130, ingawa kudumisha nyuzi 32 kunahitaji asilimia 70 tu. Joto litapita lengo na kukaa juu kwa muda mrefu, na ishara yake ni kwamba hita inaendelea kuwaka hata baada ya lengo kupitwa. Dawa ni kuuzuia mkusanyiko, ambao hapa chini unaitwa jumla, usikue wakati pato, yaani asilimia ya nguvu inayotumwa kwenye hita, limefika ukomo; dt ni sekunde kati ya usomaji mmoja na mwingine:

```
kosa = lengo - joto;
u = Kp*kosa + jumla;
if ((u < 100 || kosa < 0) && (u > 0 || kosa > 0))
  jumla += Ki*kosa*dt;
u = constrain(u, 0, 100);
```

Gharama yake ni kwamba nyuzi mbili tatu za mwisho hufikiwa polepole, pengine kwa zaidi ya saa moja. Naikubali gharama hiyo bila kusita, kwa kuwa chumba cha vifaranga hupashwa joto mapema kabla hawajafika, na kukiunguza ni hatari kuliko kukichelewesha.

Hifadhi pia kumbukumbu ya pato, si ya joto peke yake. Usiku wa baridi ambao chumba kisicho na hita kingeshuka hadi nyuzi 10, hita hii kwa nguvu yake yote itakifikisha 30 tu, na pato litaonekana limeganda kwenye 100 saa baada ya saa. Hapo Kp na Ki hazina la kufanya, na kinachotakiwa ni kuziba nyufa, kushusha mapazia au kuongeza hita ya pili.