Swali Lililokatwa Chini: Toa Thamani, Usitaje Herufi

Mwanafunzi anapomtumia mwalimu picha ya swali la kuchagua, na picha ikaishia kwenye chaguo B, naamini mwalimu anaweza kujibu mengi bila kubahatisha, ila kabla ya yote atenganishe jibu la swali na herufi ya jibu. Katika mitihani ya kidato cha nne Tanzania, swali la namna hii huwa na machaguo matano, A hadi E, kwa hiyo picha hiyo imeficha zaidi ya nusu yake.

Tuchukue swali la fizikia: jiwe linaangushwa kutoka juu ya mnara na linafika chini baada ya sekunde 3, mnara una urefu gani? Yanayoonekana ni A, mita 15, na B, mita 30. Kwa kanuni s = ½gt², tukichukua g kuwa 10, urefu ni mita 45. B ni kipotoshi, kwa sababu 30 ndiyo kasi ya jiwe linapofika chini, na anayeharakisha huikamata namba hiyo kwa kuwa ameshaikokotoa mahali fulani. Hapa mwalimu anaweza kusema kwa uhakika kwamba si A wala B, na kwamba urefu ni karibu mita 45. Kutaja C eti kwa sababu namba zinapanda ni kukisia, tena thamani ya g mara nyingi huandikwa kwenye maelekezo ya mwanzo ya karatasi, na ikiwa ni 9.8 jibu linakuwa mita 44.1. Huenda machaguo yaliyofichwa yana 44.1 na 45 pia.

Hesabu ina nafuu, kwa kuwa jibu lake lipo hata machaguo yasipoonekana. Kwenye historia mambo ni magumu zaidi. Swali likiuliza sababu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na A ikawa kilimo cha pamba cha kulazimishwa, B ikawa kodi, yote mawili ni kweli, na hapo ndipo wengi huiteua A kwa haraka. Mimi nikiona machaguo mawili ya kweli yakifuatana, nashuku kwamba chini kuna “A na B” au “yote yaliyotajwa”, au kwamba shina la swali lina neno “isipokuwa” ambalo halikusomwa vizuri. Likiwa na “isipokuwa”, A na B zinaondoka, na jibu liko kwenye sehemu iliyokatwa. Likiuliza sababu kuu, siwezi kupima uzito wa sababu nisizoziona, hivyo naeleza ukweli wa hizo mbili na kuiacha herufi.

Kisha namwomba mwanafunzi apige picha upya, safari hii namba ya swali linalofuata ionekane chini, na maelekezo ya ukurasa wa kwanza yaje kwenye picha ya pili.