Shefu njo weye

Kwanza niseme ile odio inayozunguka mu grupu za Wasapu tangu jana jioni, ya kwamba nililia mbele ya watu, siyo kweli yote. Sikulia. Ni jasho ilipitia machoni. Na ule aliyeituma tunakaa naye biro moja na namudai dola kumi, kwa hiyo mujue munasikiliza nani.

Munaikumbuka ile ankete yetu ya mayi ya kartie Majengo. Mahojiano 24, anketeri watatu, kila mtu na kaye yake na biki yake, juu akina mama wengi walikataa kurekodiwa. Jioni wanapiga foto ya kila ukurasa wananitumia, mimi niko biro nasoma, naweka maneno mu makundi: foleni, bei ya bido, safari ya kushuka mpaka ziwani. Kisha chini ya kila kundi natafuta maneno ya mtu mwenyewe ya kuonyesha kwamba sikuyatunga. Ni kazi ya kuketi, na kwa kuketi mimi sina mpinzani hapa Goma.

Kabla hawajaenda tulipatana alama. Kilichotoka kinywani mwa mtu, neno kwa neno, kinawekwa mu alama za kunukuu. Muhtasari unaandikwa hivihivi bila alama. Na kile anketeri anachokiona au anachowaza yeye mwenyewe kinafungwa mu mabano ya pembe [ ]. Hiyo sheria niliifundisha mimi, ku ubao, na kifua mbele. Muishike, itarudi.

Sasa foto 71 zikaja. Wasapu inazipa jina lake, `IMG-20240312-WA0047.jpg`, tarehe ni ya siku foto ilipopita Wasapu na namba ni zamu ya kufika, siyo zamu ya kurasa. Ile saa kamili ya kupigwa foto, inayokaa ndani ya faili, inapotea njiani. Wangezituma kama dokima ingebaki, lakini nani alijua. Rezo ikakatika, zikafika vile zilivyotaka, na mimi nikazipanga kwa namba nikatulia. Basi ukurasa wa tatu wa mama wa tisa ukalala nyuma ya ukurasa wa pili wa mama wa saba. Mama wa saba ukurasa wa pili ana watoto wanne, ukurasa wa tatu anasema hajajaliwa mtoto. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi niliandika pembeni "hali ya familia ni tata" nikaendelea.

(Munaocheka, ngojeni kwanza, bado hatujafika.)

Anketeri mmoja herufi yake ya t na ya k ni mapacha. Mama kasema "tunachota tangu saa kumi ya usiku", mimi nikasoma "tunachoka". Mara tatu. Nikajenga mada nzima, "Uchovu wa akina mama", aya mbili tamu, nilizisoma kwa sauti peke yangu mu biro. Ningejiuliza tu mbona uchovu wote uko mu kaye moja na kaye zingine mbili hakuna hata mtu mmoja aliyechoka, ningejua ule uchovu ni wa mwandiko.

Haya. Restitusyo, siku ya kuwasomea wenyewe matokeo, ilikuwa juzi. Ukumbi umejaa, shefu wa kartie yuko mbele na kofia yake, mashefu wa avenyu wako nyuma yake, akina mama upande wa dirisha, mugeni wa wafadhili anapiga foto. Projekta imewaka. Nafika mada ya nne, niliyoipenda kuliko zote: "Kukosa imani kwa viongozi." Nikanyamaza kidogo kama muhubiri, nikasoma:

"Shefu anaahidi tu kila siku. Tangu asubui tuko ku jua, hata tone ya mayi. Ye yuko kwake anakunywa ya baridi."

Chini, kwa herufi za kulala: mama, muuza sambaza, miaka 43, na jina la avenyu.

Ukumbi ukapoa. Nilisikia feni ya projekta. Shefu wa kartie akavua kofia polepole, akaiweka ku goti, akauliza: "Shefu gani?" Sikujibu. Akageuza shingo kuangalia upande wa dirisha, na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna mtu alinifundisha ku ubao: ku avenyu ile wauza sambaza ni wawili tu, na mmoja ana miaka 60 na kitu. Niliondoa jina lake nikaona nimemficha. Kumbe kazi, miaka na avenyu vikikaa pamoja ni sawa na kumuonyesha kidole.

Mama akasimama. Kitenge chake kilikuwa cha njano, nitakiota. "Miye? Miye sikusema ile maneno. Papa Shefu, naapa, miye nilisema mambo ya bido, faranga mia ngapi ngapi, sikukutaja." Mimi nikasema, kwa ujasiri nisioujua ulitoka wapi: "Mama usiogope, tuna foto." TUNA FOTO. Nikaifungua. Ikatokea ku ukuta, kubwa kama mulango wa kanisa, ukurasa wenye mwandiko, na upande wa kushoto, kufunika ukingo pale mistari inapoanza, dole gumba ya anketeri.

Na kule mwisho wa sentensi, kiko kimstari kimesimama kimepinda miguu. Nilikiona siku ile ya kwanza, nikadhani ni mstari wa kaye. Alama za kunukuu hazikuwepo. Niliona hazipo, nikasema kijana kasahau, nikamuwekea mimi mwenyewe.

Nyuma kabisa mukono ukapanda. Mdogo wetu, mwenye dole.

"Samahani. Ile ni ya kwangu. Ni mabano. Ya kufungua iko chini ya kidole."

Shefu wa kartie: "Sasa ni shefu gani unasema?"

Kijana akaangalia chini, akaangalia mugeni, akaniangalia mimi.

"Shefu... njo weye. Ile siku ya feza ya kula."

Wamama walianza. Kisha mashefu wa avenyu. Papa Shefu alicheka mpaka kofia ikaanguka, na mugeni, aliyekuwa hasikii Kiswahili, akatafsiriwa, akacheka kwa zamu yake peke yake, hiyo iliniumiza zaidi.

Mengine ni mafupi. Nilimuomba mama musamaha mbele ya wote, nikafuta avenyu na miaka ku nukuu zote. Nikakusanya kaye zenyewe, siyo foto, nikaandika upya kila mstari ku meza moja ya Ekseli: namba ya mahojiano, ukurasa, mstari, kisha safu moja ya herufi moja tu, N kwa neno kwa neno, M kwa muhtasari, A kwa ya anketeri. Nukuu bila N haiingii mu raporo. Kati ya nukuu 38 nilizokuwa nazo, 11 zilikufa. Uchovu ulikufa wote. Kukosa imani kwa viongozi kulibaki na mtu mmoja, mzee mwenye maneno mengi, na mtu mmoja siyo mada, nikampeleka ku foleni. Tangu hapo kila ukurasa unaandikwa namba yake juu kona zote mbili kabla ya foto, na vidole vinakaa nje.

Feza ya kula nimelipa.

Leo wamerudi Majengo kuhakikisha mistari mitatu, nikawapelekea mayi mimi mwenyewe ku pikipiki, bido mbili, foleni ya magari ikanishika ku jua. Jioni kaye ikaja. Ukurasa 2, mstari wa 9, mabano yote mawili yanaonekana vizuri kabisa:

[Leo shefu alileta mayi. Ilikuwa ya kuoga.]

Nimeiweka A.