Shikamoo Mzee, Mbona Umechelewa?

Mwangaluka, ndugu zangu! Hapa Tabora kuna mtihani ambao hata waganga hawana dawa yake. Bosi anakuamkia, "Shikamoo, mzee." Unaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha mwanangu huyo huyo anakuuliza mbona umechelewa dakika 12. Shikamoo umeshaipokea, sasa utamfokea vipi?

Njoo kwenye ghala la asali uone. Mzee amepima asali kwa kidole kwa miaka 25: anachovya, anainua, anatazama inavyodondoka, anatamka, "Hii safi." Analetwa binti wa miaka 28 kuwa meneja, na kifaa cha kupima unyevu mkononi. Matone mawili kwenye kioo, funika, chungulia ukielekea kwenye mwanga. Ikizidi asilimia 20, ndoo inarudi, maana asali yenye maji huchachuka: povu juu, harufu ya pombe, mfuniko umevimba. Inaniuma kusema, lakini kidole hakiwezi kutofautisha 19 na 21. Joto la Oktoba likipamba moto, hata asali nzuri hutiririka kama uji wa mgonjwa.

Lakini na binti naye ana lake. Mfugaji nyuki kaleta ndoo ya lita 20, binti kachota juu juu, kifaa kinasoma 21.5. Mzee anajua kuwa ndoo ikikaa, asali yenye maji mengi huelea na ile nzito hukaa chini. Kile ni kipimo cha juu ya ndoo, si cha ndoo nzima.

Hapo ndipo shetani huingia. Mzee mmoja atanyamaza, mgomo baridi, ili bosi aumbuke. Kumbe asali nzuri inarudishwa na mfugaji anahamia kwa mnunuzi mwingine. Mwingine atabwata mbele za watu, "We mtoto, asali umeijulia wapi?" Ukishasema hivyo, binti ataing'ang'ania 21.5 yake hadi jioni. Hapo hatetei kipimo tena, anatetea kiti.

Chukua mwiko, sogea karibu, sema kwa sauti ya kazi: "Bosi, tuikoroge mpaka chini, halafu tupime tena." Mbele ya wafugaji ni "Bosi", si "mwanangu", mwanangu ibaki kwenye chai. Kikisoma 19, ndoo inaingia ghalani na wala usikohoe kikohozi cha ushindi. Kikibaki 21.5, huenda masega yalivunwa kabla nyuki hawajayaziba kwa nta. Basi, mzee, ubishi umekwisha. Beba ndoo uirudishe, na ndoo ya lita 20 ya asali ni kama kilo 28, kiuno kitakusimulia.

Na zile dakika 12, kubali tu. Ukijitetea kwamba barabara hii unaipita tangu yeye yuko chekechea, atakuuliza kwa adabu zote mbona mpaka leo hujajua inachukua muda gani.